Nguo Zilizoelea: Uchambuzi wa Kisa cha Picha 140 Kwenye Mandharinyuma Moja

Majina, chapa na sura za watu zimeondolewa. Vipimo vya kazi vimeachwa kwa sababu bila hivyo kisa hakina cha kufundisha.

## Usuli

Muuzaji wa nguo mtandaoni alikuwa na picha 140 zilizopigwa kwa vipindi vitatu, na alitaka zikae kwenye katalogi moja kana kwamba zote zilipigwa siku moja, chumba kimoja, mbele ya ukuta mmoja. Alipendekeza rangi ya kijivu hafifu, nguo ikiwa imesimama sakafuni na kivuli chake chini. Ombi hilo lilionekana jepesi. Ugumu ulikuwa kwamba vipindi vile vitatu havikufanana karibu kwa lolote.

Kipindi cha kwanza kilikuwa na picha 46 za wanamitindo waliosimama mbele ya karatasi ya kijivu iliyoshuka ukutani na kupinda hadi sakafuni. Taa ilikuwa moja, yenye uso wa kitambaa wa sentimita 60, upande wa kushoto. Kamera ilikuwa kwenye stendi, kimo cha sentimita 90, mita 3 kutoka kwa mwanamitindo.

Kipindi cha pili kilikuwa na picha 58. Wanamitindo walisimama mbele ya kitambaa cha rangi ya maziwa chenye mikunjo, mwanga ukitoka dirishani upande wa kulia. Mpigapicha alishika kamera mkononi akiwa amesimama, kwa hiyo kimo chake kilikuwa kama sentimita 150.

Kipindi cha tatu kilikuwa na picha 36: nguo 24 zilizotandazwa mezani na kupigwa kutoka juu, na nguo 12 zilizovishwa sanamu, kisha sanamu ikafutwa ili nguo ibaki na umbo la mwili bila mwili.

## Jaribio la kwanza na kilichoharibika

Mhariri alianza kama wengi wanavyoanza. Alikata kila nguo kutoka kwenye picha yake, akaibandika juu ya kijivu cha 240 (kwenye kipimo cha 0 hadi 255), kisha akawasha Drop Shadow kwa mipangilio ileile kwenye picha zote. Kwa siku moja na nusu alimaliza picha 60. Alipozipanga kwa pamoja kama zitakavyoonekana kwenye ukurasa, kasoro nne zilijitokeza.

Ya kwanza: watu walielea. Drop Shadow hunakili umbo zima la kitu, hulisogeza kidogo pembeni na kulififisha kwa kiwango kimoja. Hicho ni kivuli cha karatasi iliyobandikwa ukutani. Mtu aliyesimama sakafuni hatupi kivuli cha bega lake hewani nyuma ya bega. Kivuli chake hulala chini, huanzia kwenye soli na kusambaa kutoka hapo. Jicho la mnunuzi halina istilahi za kueleza kosa hilo, lakini hulinasa papo hapo.

Ya pili: mashati meupe yalipotea. Ukingo uliopata mwanga ulikuwa na thamani ya 238 hivi, na mandharinyuma yalikuwa 240. Upande wa kushoto wa shati uliyeyuka, na pakabaki vifungo na mstari wa kola.

Ya tatu: nguo nyeusi zilikuwa na uzi mwembamba wa rangi ya maziwa pande zote, mabaki ya kitambaa cha kipindi cha pili yaliyong'ang'ania ukingoni.

Ya nne ilikuwa ya hila zaidi. Picha za kipindi cha kwanza zilikuwa na mwanga kutoka kushoto na za kipindi cha pili kutoka kulia, ilhali kivuli cha kubandika kilielekea upande mmoja kwa zote. Katika nusu ya picha, mikunjo ya nguo ilisema jambo moja na kivuli kikasema jingine.

Mtu mmoja kwenye timu alipendekeza picha za kipindi cha pili zigeuzwe kama kwenye kioo ili mwanga uwe upande mmoja. Pendekezo lilikataliwa, na kwa haki. Nguo ikigeuzwa, vifungo huhama upande, mfuko wa kifuani huhama, na maandishi husomeka kinyume. Mnunuzi anayepokea shati ambalo mfuko wake uko upande tofauti na ule wa kwenye picha ana sababu ya kulirudisha.

## Uamuzi wa msingi: kivuli ni uwiano

Kazi iliposimamishwa, swali lilibadilika. Badala ya kuuliza "tuchore kivuli gani?", waliuliza "kivuli halisi kipo wapi, na tunaweza kukihamisha?" Katika kipindi cha kwanza kivuli kilikuwepo, tena kizuri, juu ya karatasi ileile. Kukata nguo kulikuwa kumekitupa.

Kivuli hakina rangi yake mwenyewe. Ni sehemu ya mwanga iliyobaki baada ya kitu kuzuia nyingine. Kwa hiyo hupatikana kwa kugawanya. Chukua thamani ya pointi moja kwenye picha yenye mtu, uigawanye kwa thamani ya pointi hiyohiyo kwenye picha ya karatasi tupu, na utapata uwiano. Zidisha uwiano huo kwa mandharinyuma mapya, na kivuli kitakuwa kimehama.

```
uwiano = picha / picha_tupu
matokeo = mandharinyuma_mapya × uwiano
```

Tuseme karatasi tupu ina 214 mahali fulani, na kwenye picha yenye mtu mahali hapo pana 171. Uwiano ni 0.80. Mandharinyuma mapya yakiwa 226, matokeo ni 181. Chini kabisa ya soli, picha ina 64, uwiano ni 0.30, matokeo ni 68. Na mbali na mtu, ambako picha ina 214 na karatasi tupu ina 214, uwiano ni 1, na mandharinyuma hayaguswi hata kidogo. Hapo ndipo uzuri wa njia hii ulipo: hakuna mpaka wa kuficha, kwa kuwa kivuli kinaisha chenyewe pale mwanga unaporudi kamili. Ukibandika kipande cha sakafu ya zamani chenye 171 na 214 juu ya 226, utaona kiraka. Ukizidisha, huoni.

Kwa bahati, mpigapicha wa kipindi cha kwanza alikuwa amepiga karatasi tupu mara mbili akikagua usafi wake, kwa mipangilio ileile ya kamera na bila kusogeza stendi. Bila picha hizo mbili kisa hiki kingekuwa kingine.

## Hatua zilivyofanyika kwenye kipindi cha kwanza

Kila picha ilifunguliwa Photoshop ikiwa ya biti 16. Biti 8 zinatosha kwa picha ya mwisho, lakini ukigawanya na kuzidisha ndani yake, mteremko laini wa kivuli huvunjika ukawa ngazi zinazoonekana. Picha tupu iliwekwa tabaka la juu na kupewa hali ya Divide. Hali hiyo hugawanya tabaka la chini kwa la juu, kwa hiyo mpangilio ukigeuzwa matokeo hayana maana. Picha tupu ilififishwa kidogo kwa Gaussian Blur ya pikseli 3 ili chembechembe zake zisiongezeke kwenye zile za picha yenyewe. Mhariri alijaribu pikseli 20 kwanza, na alama ya kiatu iliyokuwa kwenye karatasi ikabaki kwenye uwiano, kwa sababu kwenye picha tupu ilikuwa imeyeyushwa na kwenye picha yenye mtu haikuyeyushwa.

Matabaka hayo mawili yaliunganishwa. Kilichotoka ni picha nyeupe karibu yote, yenye mtu wa rangi za ajabu katikati na kivuli cha kijivu miguuni. Hilo ndilo tabaka la uwiano. Likawekwa juu ya mandharinyuma mapya katika hali ya Multiply, na juu yake mtu aliyekatwa kutoka kwenye picha asilia, katika hali ya kawaida, akiwa na maski yake.

Kisha Levels ikawekwa kwenye tabaka la uwiano, sehemu ya nyeupe ikashushwa kutoka 255 hadi 247. Maana yake ni kwamba popote uwiano ulipokuwa 0.97 au zaidi, ulihesabiwa kuwa 1. Karatasi halisi haitulii kamwe kwenye 1 kamili; chembechembe na mtetemo mdogo wa taa huiacha ikichezacheza kati ya 0.98 na 1, na bila hatua hii mandharinyuma yote hupata uchafu hafifu unaotofautiana picha kwa picha.

Rangi nayo ilihitaji uamuzi. Kwenye picha nyingi uwiano wa kivuli haukuwa sawa kwa rangi tatu: nyekundu 0.76, kijani 0.79, buluu 0.84. Kivuli kilikuwa na ubuluu, kwa kuwa pale taa ilipozuiliwa, mwanga uliobaki ulitoka kwenye dirisha la mbali. Kimaumbile hilo ni kweli kabisa. Ila kwenye katalogi, kivuli chenye ubuluu kando ya kisicho nao kinaonekana kama uzembe, kwa hiyo uwiano uliondolewa rangi kwa asilimia 80. Asilimia 20 iliyobaki iliachwa makusudi: gauni jekundu hurudisha wekundu kidogo sakafuni karibu na pindo, na ukiufuta wote gauni linaonekana limeletwa kutoka mahali pengine, jambo ambalo ni kweli lakini halipaswi kuonekana.

### Ukingo wa nguo

Njia hii ilileta faida ambayo haikutarajiwa. Kwa kuwa tabaka la uwiano lina mtu pia, ukingo wake umo tayari ukiwa umechanganyika na karatasi kwa kiwango sahihi. Mhariri aliirudisha maski ya mtu ndani kwa pikseli 1 hadi 2, na nyuzi za sufu, nywele na lesi zikaonyeshwa na tabaka la uwiano lililo chini. Uzi mwembamba wa pembeni, kama ule wa jaribio la kwanza, haukujitokeza, na hakuna kilichosafishwa kwa mkono.

Lakini hufanya kazi kwa nguo zenye giza kuliko karatasi tu. Nguo nyeupe ina uwiano unaozidi 1, na Photoshop katika biti 16 hukata kila kinachozidi 1. Ukingo wa shati jeupe kwenye tabaka la uwiano kwa hiyo ni nyeupe tupu, haupo. Kwa mashati hayo maski ilichorwa kwa kalamu ya njia, sawasawa na ukingo, bila kurudishwa ndani.

### Pale njia ilipokwama

Picha 27 za kwanza zilienda vizuri. Picha 19 zilizofuata zilitoka na utepe mweupe wima upande wa kushoto na weusi hafifu upande wa kulia. Mhariri alidhani ni kosa la lenzi. Ukweli ni kwamba taa ilikuwa imesogezwa katikati ya kipindi, na alikuwa akitumia picha tupu ya asubuhi kwa picha za mchana. Picha tupu ya pili ilipotumiwa, utepe ukaisha.

Tangu hapo kila tabaka la uwiano lilipimwa pembe nne kabla ya hatua yoyote nyingine. Thamani ikiwa kati ya 250 na 255 kwenye pembe zote, picha tupu inalingana. Pembe moja ikisoma 237, yaani uwiano wa 0.93, kuna kitu kilihama: taa, kamera, au mipangilio. Kipimo hicho huchukua nusu dakika.

## Kipindi cha pili: kivuli cha kuchora

Hapa hapakuwa na picha tupu, kamera ilikuwa mkononi, kitambaa kilikuwa na mikunjo iliyobadilika kila mtu alipokanyaga, na mwanga wa dirishani ulipanda na kushuka kwa mawingu. Kugawanya hakukuwezekana. Palibaki kuchora, na kuchora kunahitaji kujua kivuli kinajengwaje.

Jambo la kwanza ni kwamba ukungu wa ukingo wa kivuli haulingani kila mahali. Upana wake hukadiriwa kwa kuzidisha upana wa chanzo cha mwanga kwa umbali kutoka kwenye kitu hadi sakafuni, kisha kugawanya kwa umbali kutoka kwenye chanzo hadi kwenye kitu. Kwa taa ya kipindi cha kwanza, pindo la gauni lililo sentimita 30 juu ya sakafu, taa ikiwa sentimita 200 kutoka kwenye pindo, hutoa ukungu wa sentimita 9. Soli iliyo sentimita 1 juu ya sakafu hutoa milimita 3 tu. Picha za mwisho zilikuwa na pikseli 2000 kwa 2500, mtu akichukua pikseli 2050 za urefu, kwa hiyo sentimita moja ni pikseli 12 na kidogo. Ukungu wa pindo ni pikseli 112 hivi, wa soli ni pikseli 4. Kififishi kimoja hakiwezi kutoa vyote viwili, na hapo ndipo Drop Shadow ilipoangukia.

Dirisha ni pana kuliko taa ile, na ukungu wake halisi ungekuwa mkubwa zaidi. Walichagua kuufuata wa taa ya kipindi cha kwanza ili picha zilingane kwenye ukurasa. Kwa hiyo kila kivuli kilijengwa kwa matabaka matatu ya Multiply yenye kijivu kizito cha 40, si nyeusi kamili:

- kivuli cha mguso, mstari mwembamba unaofuata soli pale inapogusa sakafu, Gaussian Blur ya pikseli 4, Opacity 55%;
- kivuli cha kati, umbo la miguu yote miwili likiwa limepanuliwa kidogo, pikseli 25, Opacity 30%;
- kivuli kipana, duara lililobanwa chini ya mwili wote, pikseli 110, Opacity 14%.

Kivuli cha mguso ndicho kinachomsimamisha mtu. Kikiondolewa, vingine viwili humfanya aonekane amepanda wingu. Kikibaki peke yake, bado anasimama. Mhariri alikuwa ameanza na kipana na kukipa nguvu kubwa, ndiyo maana picha za mwanzo za kipindi hiki zilionekana zina doa la mafuta sakafuni.

Jambo la pili ni kimo cha kamera, na hapa kosa la pili kubwa lilitokea. Duara lililo sakafuni huonekana limebanwa kulingana na pembe ambayo kamera inaliangalia. Kamera ya sentimita 90 kwa umbali wa mita 3 huliona duara likiwa na kimo cha 0.29 ya upana wake. Kamera ya sentimita 150 kwa umbali huohuo huliona likiwa 0.45. Mhariri alinakili kivuli kipana kutoka kwenye picha nzuri ya kipindi cha kwanza na kukiweka chini ya watu wa kipindi cha pili. Kila kitu kilikuwa sawa kwa rangi na ulaini, lakini watu walionekana wamesimama kwenye sakafu iliyoinama mbele, vidole vikining'inia. Viatu vyao vilionyesha mgongo wa mguu zaidi kuliko sakafu iliyochorwa ilivyoruhusu. Duara lilipobanwa kwa 0.45, miguu ikatua.

Jambo la tatu, mwelekeo wa mwanga, lilitatuliwa kwa kupunguza badala ya kusahihisha. Mikunjo ya nguo za kipindi cha pili ilikuwa na mwanga wa kulia na hakuna aliyetaka kuibadilisha. Kwa hiyo kivuli kirefu kinacholala upande mmoja hakikuchorwa kabisa. Matabaka yote matatu yaliwekwa katikati chini ya mtu. Kwenye kipindi cha kwanza, kivuli halisi kilicholala kulia kililegezwa kwa mkono mwepesi wa brashi kwenye maski hadi kikabaki theluthi mbili ya nguvu yake. Kivuli cha mguso hakina upande, na ndicho walichonacho wote kwa usawa.

## Kipindi cha tatu, kwa ufupi

Nguo zilizotandazwa zina sakafu yao: meza. Unene wa nguo iliyolazwa ni sentimita 1 au 2, kwa hiyo kivuli chake ni chembamba na hushikamana na ukingo. Meza ilikuwa ya rangi moja, na picha tupu ilibuniwa kwa kuchukua rangi za pembe nne na kuzichanganya kwa mteremko laini. Ilitosha.

Nguo 12 za sanamu iliyofutwa zilizua mjadala. Muuzaji alitaka nazo ziwe na kivuli sakafuni ili zifanane na nyingine. Kilijaribiwa kivuli kipana chini ya pindo, kikiwa na nafasi ya pikseli 90. Gauni likaonekana linaruka. Nafasi ikaondolewa, likaonekana gauni la mtu aliyezama sakafuni hadi magotini. Hakuna namna sahihi ya kuweka kivuli cha sakafu chini ya nguo isiyo na miguu, kwa sababu macho hutafuta kinachoibeba. Ziliachwa bila kivuli cha chini, zikawekwa katikati ya fremu na siyo kwenye mstari wa miguu, na kupangwa pamoja katika safu yao.

## Mandharinyuma yenyewe

Kijivu cha 240 kilibadilishwa kuwa 226 katikati, kikishuka taratibu hadi 214 pembeni, kwa usawa kulia na kushoto. Kwa 226, ukingo wa shati wenye 238 hupata tofauti ya 12. Ni ndogo lakini inasomeka hata kwenye simu yenye mwanga hafifu. Hakuna mstari unaotenganisha ukuta na sakafu. Mstari huo ungelazimisha picha zote ziwe na kimo kimoja cha kamera, na tayari zilikuwa na viwili.

Soli ziliwekwa asilimia 8 ya kimo cha picha kutoka chini, kwa mwongozo usiosogea. Mwanzoni mstari huo ulipimwa kwenye kidole cha mbele zaidi, na watu waliotanguliza mguu mmoja wakaonekana wamesogea nyuma kuliko wenzao. Kipimo kilihamishiwa kwenye kisigino cha mguu uliobeba uzito.

Chembechembe za asilimia 0.7 ziliongezwa juu ya mandharinyuma kabla ya kuhifadhi JPEG. Mteremko safi mno wa kompyuta hutoa michirizi ukibanwa, na pia hujitenga na nguo iliyopigwa kwa kamera yenye chembechembe zake.

## Matokeo

Picha 131 kati ya 140 zilikubaliwa. Za kugawanya zilichukua dakika 6 hivi kila moja baada ya mpangilio kuzoeleka, za kuchora dakika 12. Picha 60 za jaribio la kwanza zilitupwa zote.

Baadaye soko moja la mtandaoni lilihitaji weupe kamili wa 255. Kwa picha zilizojengwa kwa uwiano, kazi ilikuwa kubadilisha tabaka la chini tu, kwa sababu kivuli kilikuwa hakijaungana na kijivu. Za kuchora nazo zilihama bila shida kwani zilikuwa kwenye Multiply. Mashati meupe yalilazimu kuongezewa giza kidogo ukingoni, na hayo yalirudi kwa mhariri moja moja.

Picha 9 zilizokataliwa zilikuwa za aina mbili. Nne zilikuwa na mtandio mweupe unaopitisha mwanga, uliopigwa mbele ya kitambaa cha rangi ya maziwa: rangi ya kitambaa ilikuwa imepita ndani ya mtandio na hapakuwa na njia ya kuitenganisha. Tano zilikuwa zimekatwa kwenye fremu, soli zikiwa nje ya picha. Mtu asiye na soli hana mahali pa kivuli cha mguso. Zote 9 zilipigwa upya.

## Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni kugawanya kazi kwa kile kilichobeba nguo (sakafu, meza, au hakuna kitu) kabla ya kugawanya kwa aina ya nguo. Jaribio la kwanza lilipanga picha kwa magauni, suruali na mashati, na mpangilio huo hauhusiani na kivuli hata kidogo.

Kilichochelewesha zaidi ni ukaguzi wa picha moja moja. Kila picha ya jaribio la kwanza ikiwa peke yake kwenye skrini kubwa ilionekana inakubalika. Kasoro zilionekana zilipopangwa 20 kwa pamoja zikiwa na upana wa pikseli 200. Baadaye ukaguzi ulifanywa kwa namna mbili: huo wa picha ndogo ndogo, na wa kuweka Levels ya muda juu ya kila kitu, nyeusi ikiwa 190 na nyeupe 235. Chini ya Levels hiyo, kiraka chochote cha mandharinyuma ya zamani, maski iliyovuja, au kivuli kilichokatwa ghafla huonekana wazi kama doa la wino. Picha ikipita hapo, tabaka hilo linafutwa.

Uamuzi unaoweza kubishaniwa ni ule wa kulegeza kivuli halisi cha kipindi cha kwanza. Kilikuwa kizuri kuliko kilichobaki, na picha 46 zilipoteza kidogo ili 58 zisionekane vibaya kando yake. Kama vipindi viwili vingekaa kurasa tofauti, isingekuwa na haja. Muuzaji alitaka ukurasa mmoja.

Na kuhusu kupiga upya: dakika 12 kwa picha 58 ni zaidi ya saa 11 za kuchora vivuli, ambavyo picha tupu moja, iliyopigwa kamera ikiwa kwenye stendi kila taa iliposogezwa, ingevihamisha kwa nusu ya muda huo. Kwa kipindi kilichofuata mpigapicha alipewa maelekezo matatu tu: stendi kwa sentimita 90, mipangilio ya kamera isiyojibadilisha yenyewe, na fremu moja ya karatasi tupu kila kitu chochote kinapohamishwa, ikiwa ni pamoja na taa inapogongwa kwa bahati mbaya.